"Mot tamut" si vifo viwili: kitenzi kinaporudiwa katika Kiebrania

*Mtaalamu, tuko watu wanne tunaotafsiri Mwanzo na Kutoka kwa Kiswahili cha leo. Mhubiri mmoja alitufundisha kwamba Mwanzo 2:17 kwa Kiebrania inasema "kufa utakufa", yaani kifo cha roho kisha kifo cha mwili. Je, ni kweli? Na kila tukikutana na kitenzi kilichorudiwa namna hiyo tuandike nini? Mpaka sasa tunaweka "hakika" kila mahali, na maandishi yameanza kuchosha.*

Ndugu, tuanze na vifo viwili, kwa sababu hilo ndilo rahisi. Maneno ya Mwanzo 2:17 ni *mot tamut*. Maneno hayohayo, bila kubadilika hata herufi, Sulemani anamwambia Shimei katika 1 Wafalme 2:37: siku utakapotoka na kuvuka kijito cha Kidroni, ujue kwa yakini kwamba *mot tamut*. Hata "siku utakapo-" imo, kama ilivyo kule bustanini. Shimei alikaa Yerusalemu miaka 3, akatoka kuwafuata watumwa wake Gathi, akarudi, mfalme akapewa habari, akauawa. Kifo kimoja. Hakuna mfasiri wala mhubiri aliyewahi kutafuta kifo cha pili cha Shimei. Vilevile Mungu anamwambia Abimeleki katika Mwanzo 20:7 kwamba asipomrudisha mke wa Abrahamu, *mot tamut*, na hapo pia maana ni moja tu: kufa hakuepukiki. Wazo la vifo viwili linaweza kuhubiriwa kutoka kwingine, lakini halitoki katika sarufi hii.

Sasa sarufi yenyewe. Neno la kwanza katika jozi ni kitenzi-jina kisichobeba nafsi wala njeo, ambacho wanasarufi wa Kiebrania wanakiita *makor muhlat*. Hapa nitakiita kitenzi-jina huru. La pili ni kitenzi cha kawaida chenye nafsi, na yote mawili yana mzizi mmoja. Katika mnyambuliko wa msingi kitenzi-jina huru hutambulikana kwa irabu a na o: *akhol* (kula), *malokh* (kutawala), *amor* (kusema). Hakipokei kiambishi cha nafsi mwishoni wala kihusishi mwanzoni. Mkiona kihusishi kimebandikwa mbele yake, hicho ni kitenzi-jina cha aina nyingine, na yote nitakayosema hapa hayakihusu.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba kurudia huku kunaongeza ukali wa tendo, kana kwamba *mot tamut* ni kufa sana. Kinachotiwa nguvu si tendo, ni namna msemaji anavyolisimamia tendo hilo. Kitenzi cha Kiebrania chenye nafsi, hasa kile cha wakati usiokamilika, chaweza kubeba utabiri, amri, ruhusa, uwezekano au ahadi bila kubadilisha umbo. Kitenzi-jina huru kinakuja mbele yake na kusema: ile maana uliyoisikia, ichukue kwa uzito wote. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mfasiri ni kujua kitenzi kile kina maana gani mahali hapo. Akishajua, ndipo atafute namna ya kuitilia mkazo.

Mfano bora uko mlangoni kwenu. Mwanzo 2:16 na 2:17 zina jozi moja kila mstari. Katika 16 ni *akhol tokhel*, katika 17 ni *mot tamut*. Umbo ni lilelile. Lakini Adamu hajaamriwa kula wala hajatabiriwa kula; amepewa ruhusa. Kinachotiwa nguvu ni ruhusa yenyewe: "matunda ya kila mti una ruhusa kamili kula", au kwa wepesi zaidi, "kula utakavyo matunda ya kila mti". Mstari unaofuata si ruhusa, ni matokeo yasiyokwepeka. Mkiweka "hakika" pande zote mbili, mstari wa 16 utasomeka "hakika utakula", na msomaji atabaki akijiuliza Adamu kalazimishwa nini. Hapo ndipo "hakika" yenu inapoanza kuchosha: imekuwa kitambulisho cha umbo la Kiebrania badala ya kuwa tafsiri ya maana.

Nije kwenye jambo ambalo ni letu wenye Kiswahili, na ambalo vitabu vya sarufi ya Kiebrania vilivyoandikwa Ulaya havina sababu ya kulieleza. Sisi tuna umbo linalofanana kabisa na lile. Tunasema "kuja alikuja, lakini hakukaa". Tunasema "kusoma amesoma, ila adabu hana". Kitenzi-jina mbele, kitenzi chenye nafsi nyuma, mzizi mmoja. Mfasiri akiona *mot tamut* mkono unamwasha kuandika "kufa utakufa", na anaamini amepata bahati ambayo Mwingereza hana.

Bahati hiyo ni nusu. Sikilizeni umbo letu linavyofanya kazi. Mtu akisema "kula nimekula", msikilizaji hangoji nukta, anangoja "lakini". Umbo la Kiswahili linakubali jambo moja ili kufungua mlango wa jingine linalolipinga au kulipunguza. "Kufa tutakufa wote, ila si kwa njaa." Sasa wekeni umbo hilo kinywani mwa Mungu: "siku utakapokula, kufa utakufa". Sikio la Mswahili linauliza: lakini nini? Tishio limegeuka kuwa kibali chenye mkia.

Kuna mahali ambapo Kiebrania nacho kinafanya hivyohivyo, na hapo umbo letu linakaa kama kifuniko kwenye chungu chake. Katika 1 Samweli 2:30 Mungu anamwambia Eli *amor amarti*, kisha baada ya maneno machache linakuja "lakini sasa". Andikeni bila woga: "Kusema nilisema kwamba nyumba yako na nyumba ya baba yako zitanitumikia milele; lakini sasa..." Lugha nyingi hazina njia fupi kama hii ya kuonyesha kwamba msemaji hakani ahadi yake ya zamani. Au Labani katika Mwanzo 31:30, akimfukuzia Yakobo: *halokh halakhta*, "kwenda umekwenda, kwa kuwa ulitamani mno nyumba ya baba yako, lakini mbona umeiba miungu yangu?" Angalieni kwamba mstari huo una jozi mbili. Ya pili, *nikhsof nikhsafta*, ni ya kitenzi cha kutamani, na kutamani kuna vipimo: mtu hutamani kidogo au mno. Kwa vitenzi vya namna hiyo "sana" au "mno" vinafaa. Kwa kufa, kununua na kusikia havifai, kwa sababu mtu hafi sana.

Kwa hiyo kanuni ninayoishika ni hii: umbo la "kusema nilisema" litumike pale tu ambapo katika Kiebrania kuna upinzani unaofuata. Likitumika penginepo litaunda "lakini" ambayo mwandishi hakuiweka. Mnaweza kulipima kwa urahisi. Someni mstari kwa sauti mbele ya mtu ambaye hajui mnachotafsiri, simameni baada ya jozi, mumwulize anadhani linafuata neno gani. Akitaja "lakini" au "ila" na matini haina kitu hicho, badilisheni.

Hapa pana Mwanzo 22:17, ambapo Biblia ya Muungano ina "katika kubariki nitakubariki". Mfasiri hakutaka kuandika "kubariki nitakubariki" tupu, akaongeza "katika". Njia hiyo ina historia ndefu. Wayahudi waliotafsiri Torati kwa Kiyunani kule Aleksandria, karne ya 3 kabla ya Kristo, hawakuwa na kitenzi-jina huru katika lugha yao, wakabuni njia mbili. Mara nyingine walitumia kitenzi cha hali: "nikibariki nitakubariki". Mara nyingine walitumia nomino: Mwanzo 2:17 ikawa "kwa kifo mtakufa". Kilatini cha Yeronimo kikafanya hivyo pia katika mstari huohuo: *morte morieris*. Ni rahisi kuona jinsi msomaji wa "kwa kifo mtakufa" anavyoweza kuanza kuhesabu vifo. Nayo "katika kubariki" ya Kiswahili inampa msomaji picha ya tendo linaloendelea, yaani nitakapokuwa nabariki, nitakubariki. Maana ambayo Kiebrania hakina. Mahali hapo ni ahadi chini ya kiapo, kwa sababu mstari wa 16 umetangulia kusema "nimeapa kwa nafsi yangu". Kiapo kina lugha yake kwetu: "naapa, nitakubariki", au "nitakubariki, sitaacha". Kumbukeni tu kwamba Waebrania 6:14 inanukuu mstari huu. Mtakachoamua hapa kiandikeni kwenye daftari la maamuzi, ili atakayetafsiri Waebrania asije na kiapo kingine.

Tuchukue sasa mstari mmoja tuuchambue mpaka mwisho. Nimechagua Kutoka 22:23 (katika Biblia ya Kiebrania ni 22:22, kwa kuwa hesabu ya mistari ya sura hiyo imepishana kwa mmoja). Habari ni ya mjane na yatima. Mstari una jozi tatu mfululizo, zote kwa maneno machache:

*im ane teane oto, ki im tsaok yitsak elai, shamoa eshma tsaakato.*

Neno kwa neno: ikiwa kutesa utamtesa, kwamba ikiwa kulia atalia kwangu, kusikia nitasikia kilio chake. Mkiandika "hakika" mara tatu mstari unavunjika. Mkiziacha zote tatu mstari unakuwa baridi, ilhali unaofuata unasema hasira itawaka na wake zenu watakuwa wajane. Tuchukue jozi mojamoja.

Ya kwanza iko ndani ya sharti, baada ya "ikiwa". Wengi huandika "ukimtesa sana" au "ukimtesa vibaya". Kosa hili si la mtindo, ni la sheria: mwenye kumtesa mjane kidogo atapata pa kujificha. Katika sharti, jozi hii haipimi ukubwa wa tendo. Inaonyesha kwamba tendo lenyewe ndilo mpaka, na anayeuvuka ameuvuka. Mstari uliotangulia umekwisha kukataza mateso yoyote kwa mjane na yatima, kwa hiyo hapa msemaji anasema: na ikitokea kwamba umefanya nililokukataza. Kiswahili kina "kuthubutu" kwa kazi hiyo. "Ukithubutu kumtesa" inabeba katazo na uvukaji wake kwa pamoja, bila kugusa kiasi.

Ya pili nayo iko ndani ya sharti, lakini mtendaji amebadilika: sasa ni mnyonge. Mkazo wake hauwezi kuwa "akithubutu kulia". Maana inayosukuma mstari mbele ni kwamba kilio kile kinatosha. Hahitaji shahidi wala mzee wa kumsemea. Tuna neno dogo lenye nguvu kwa hilo, nalo ni "tu": "naye akinililia tu".

Ya tatu ndiyo uamuzi. Kusikia hapa si kwa sikio peke yake, ni kusikia kwa hakimu anayechukua hatua. Hapa "hakika" ingefaa, na kama ni moja tu katika mstari haichoshi. Mimi ningependelea kukanusha kinyume chake, kwa sababu ndivyo watu wanavyotoa ahadi nzito: "nitakisikia kilio chake, sitakosa". Tukiunganisha:

"Ukithubutu kumtesa, naye akinililia tu, nitakisikia kilio chake, sitakosa."

Jozi tatu, vifaa vitatu, na hakuna kilichorudiwa. Tazameni pia kwamba *oto* ni umoja, yaani yeyote kati yao, mmojammoja. Wafasiri wengine wanaweka wingi kwa kuwa mjane na yatima ni wawili. Umoja una makali yake, na kwa kuwa Kiswahili kinauvumilia, ningeubakiza.

Katika sheria za Kutoka 21 mtakutana na *mot yumat*, mstari wa 12, tena 15, 16 na 17. Msishangae kwamba minyambuliko haikulingana: neno la kwanza ni "kufa" la kawaida, la pili ni "atauawa". Kiebrania kinaruhusu kitenzi-jina cha mnyambuliko wa msingi kusimama mbele ya kitenzi cha mnyambuliko mwingine, na maana haibadiliki. Hapa kitenzi ni agizo kwa jamii inayohukumu. "Hakika atauawa" inasomeka kama unabii. "Sharti auawe" au "lazima auawe" ndiyo sheria. Chagueni moja na kuirudia katika mistari yote minne, maana sheria hupenda maneno yaleyale.

Katika swali, jozi hii mara nyingi hubeba mshangao au dharau. Ndugu zake Yusufu, Mwanzo 37:8: *hamalokh timlokh alenu?* Kishawishi ni kuandika "Wewe ndiwe utakayetutawala?" Lakini "ndiwe" inaweka uzito juu ya mtu, kana kwamba wanauliza ni nani kati yao atakayetawala. Kiebrania kingetaka hivyo kingeongeza kiwakilishi. Uzito uko juu ya kutawala kwenyewe, jambo wasiloliamini: "Ati unadhani utatutawala kweli?" Na katika Mwanzo 43:7, *hayadoa neda*, ambapo wanajitetea mbele ya baba yao, "tungejuaje" inatosha peke yake. Uwezekano na kutowezekana vimo ndani ya neno hilo moja, hamhitaji kuongeza kitu.

Mara nyingine kitenzi-jina huru kinakuja nyuma ya kitenzi chenye nafsi. Wanafunzi hufundishwa kwamba kikiwa mbele ni mkazo na kikiwa nyuma ni kuendelea. Msiiamini sana kanuni hiyo. Baada ya kitenzi cha amri, au baada ya umbo la masimulizi linaloanza na *va-*, kitenzi-jina huru hakiwezi kutangulia, kwa hiyo kinakuja nyuma hata kama kazi yake ni mkazo tu. Musa anapochoka katika Hesabu 11:15 anasema *horgeni na harog*, "niue, tafadhali", na haombi auawe mfululizo. "Afadhali uniue tu" inamfaa. Lakini Isaya 6:9, *shimu shamoa*, kweli ni kuendelea, na Biblia ya Muungano ilipatia vizuri sana pale iliposema "Fulizeni kusikia". Uamuzi unatoka kwenye muktadha. Ila mkiona vitenzi-jina huru viwili vimeunganishwa, kama kunguru wa Mwanzo 8:7 aliyetoka *yatso vashov*, hapo pana kuendelea bila shaka: akawa akienda na kurudi.

Limebaki la kukanusha, na hilo litaturudisha bustanini. Kawaida neno la kukanusha, *lo*, linakaa katikati ya jozi, na maana yake ni kukanusha kwa nguvu. Kutoka 34:7, *venake lo yenake*: mwenye hatia hamwachilii kamwe. Msiandike "hamwachilii kabisa-kabisa", kwa maana mtu ataelewa kwamba humwachilia kwa sehemu. Mahali pachache *lo* inatangulia jozi nzima. Amosi 9:8 ni mojawapo: ufalme utafutwa juu ya nchi, isipokuwa nyumba ya Yakobo "sitaiangamiza kabisa". Pale kinachokanwa ni ukamilifu wa jambo, si jambo lote.

Mwanzo 3:4 nayo ina mpangilio huo wa nadra: *lo mot temutun*. Maelezo ninayoyaona kuwa bora ni kwamba nyoka ameichukua kauli ya Mungu nzima, akaigeuza kuwa wingi, akabandika *lo* mbele yake, kama mtu anayelirudia neno la mwenzake ili alikane. "Hakika hamtakufa" ya Biblia ya Muungano inampa nyoka uhakika wake mwenyewe, lakini msomaji hasikii kwamba anamjibu mtu. Ili asikie, mistari miwili lazima ishikane kwa neno, kwa hiyo 2:17 isitafsiriwe kabla hamjaamua 3:4. Jaribuni hivi. Katika 2:17: "siku utakapokula matunda yake, kufa ni lazima." Kisha nyoka, 3:4: "Hakuna cha kufa!"